Mvuje, graipu wota na kilio cha magharibi

"Shikamoo dokta. Mwanangu wa kiume ana wiki tano. Ananyonya tu, sijamwanzishia kitu kingine. Tangu wiki ya tatu, ikifika magharibi anaanza kulia mpaka saa nne usiku, anakunja miguu, tumbo linakaza, anajamba sana. Mama mkwe anasema ni mchango. Analoweka mvuje na shamari kwenye maji ya moto na anataka mtoto apewe vijiko viwili vya chai asubuhi na viwili jioni. Juzi nilitoka kuoga nikakuta keshampa kijiko kimoja. Jirani naye kaniletea chupa ya graipu wota. Alizaliwa na kilo 3.1, kliniki wiki hii kapimwa kilo 4.2. Mume wangu na ndugu zake wote walinyweshwa mvuje na ni wazima. Kuna ubaya gani? Na nisipompa hivyo, nimpe nini? Kuna usiku nalia naye."

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuniandikia uzito wake, maana ndio kitu cha kwanza ninachokitafuta mtu akiniambia mtoto analia. Kutoka kilo 3.1 hadi 4.2 ni gramu 1,100. Ukizigawa kwa siku 35 unapata gramu 31 kwa siku. Mtoto wa umri huo tunatarajia aongeze gramu 20 hadi 30. Kwa hiyo maziwa yako yanamtosha, yanafika tumboni, na tumbo linayafanyia kazi. Mtoto mwenye ugonjwa wa utumbo kwa kawaida kadi yake ya kliniki husema mapema. Ya mwanao inasema vingine.

Hilo neno mchango linatuchanganya sana huku kwetu pwani. Mtu akisema chango anaweza kumaanisha utumbo wenyewe, au minyoo, au maumivu ya tumbo la mwanamke, na kwa mtoto mchanga linabeba kila kitu: kujinyonga, kujamba, choo cha kijani, kulia bila sababu. Kwa kuwa jina ni moja na la minyoo, dawa nyingi za mchango zimekusudiwa "kuua" kitu kilichomo tumboni. Mtoto wa wiki tano anayenyonya tu hana minyoo. Hakuna cha kuua humo ndani. Choo cha kijani chenye povu pia mara nyingi hutokana na kunyonya kidogo titi hili na kidogo titi lile, akapata maziwa mepesi ya mwanzo bila kufikia yale mazito ya mwisho.

Anachokifanya mwanao tunakijua vizuri, ingawa sababu yake kamili bado inatafutwa. Watoto wote huongeza kulia kuanzia wiki ya pili au ya tatu, wakafika kilele karibu na wiki ya sita, kisha wakapungua, na wengi hutulia wakitimiza miezi mitatu au minne. Wengine kilele chao ni kirefu kuliko cha wenzao. Tangu 1954 madaktari wamekuwa wakitumia kanuni ya tatu tatu: mtoto mzima wa afya anayelia saa tatu au zaidi kwa siku, siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa wiki tatu. Siku hizi hatusubiri wiki tatu zitimie ndipo tumwamini mama, lakini ukiitazama kanuni hiyo utamwona mwanao humo: ameanza wiki ya tatu, analia jioni, mchana yuko vizuri. Gesi unayoisikia ikitoka kwa sehemu kubwa ni hewa anayoimeza akilia. Yaani kilio kinaleta gesi, kuliko gesi kuleta kilio. Na kukunja miguu na kukaza tumbo ni jinsi mtoto wa umri huo anavyolia, hata akiwa ameudhika na mwanga wa taa.

Sasa angalia ratiba. Nyumba nyingi hutafuta dawa wiki ya tano au ya sita, pale kilio kinapokuwa kikali kuliko wakati wowote. Kuanzia hapo, mtoto akipewa mvuje, akipewa maji matupu, akiachwa bila kupewa kitu, kilio kinashuka chenyewe. Dawa iliyoanzwa wiki ya sita itasifiwa wiki ya kumi. Mama mkwe wako hasemi uongo hata kidogo. Aliona kwa macho yake watoto wakitulia, mmoja baada ya mwingine. Asichokuwa nacho ni mtoto wa kulinganisha, yule ambaye hakupewa.

Tuje kwenye mvuje wenyewe, maana ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote ulivyovitaja.

Mvuje ni utomvu wa mzizi wa mmea unaoota Irani, Afghanistani na nchi za jirani. Utomvu hukaushwa ukawa mabonge ya rangi ya kahawia, na harufu yake unaijua. Kwenye mchuzi wa mtu mzima hauna neno. Lakini 1984 madaktari wa Marekani waliripoti habari ya mtoto mchanga aliyepewa dawa ya mvuje kwa ajili ya tumbo, naye akapata hali ambayo damu inashindwa kubeba oksijeni. Waliipeleka mvuje maabara na kuijaribu kwenye damu ya aina mbili. Damu ya mtu mzima haikudhurika. Damu ya aina aliyozaliwa nayo mtoto ndiyo iliyoharibika. Hapo ndipo penye jibu la swali la wengi: mbona sisi tunakula na hatuumwi?

Nitakueleza kwa nini. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna hemoglobini, na ndani ya hemoglobini kuna madini ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachoshika oksijeni kwenye mapafu na kuiachia huko mwilini. Baadhi ya kemikali hukigeuza hicho chuma, mfano wake kama kutu. Kikishageuka hakishiki oksijeni tena, na hemoglobini ya namna hiyo tunaiita methemoglobini. Hata wewe na mimi hutengeneza kidogo kila siku, ila tuna kimeng'enya kinachopita kikisafisha. Mtoto wa chini ya miezi minne hivi ana kiasi cha nusu tu ya nguvu ya kimeng'enya hicho, na sehemu kubwa ya hemoglobini yake bado ni ile aliyotoka nayo tumboni kwa mama, ambayo hugeuka kwa urahisi zaidi. Kutu inaingia haraka, msafishaji ni mmoja badala ya wawili. Kwa sababu hiyohiyo tunawakataza watu kuchanganya maziwa ya kopo kwa maji ya kisima chenye naitreti nyingi: madhara ni yaleyale kwa mtoto yuleyule mdogo.

Niliwahi kumpokea mtoto wa wiki sita, kilo 4 na kitu, aliyeletwa asubuhi na bibi yake. Usiku kucha alikuwa amelia, akapewa maji ya mvuje mara tatu, na alfajiri "akatulia". Utulivu huo ndio uliowatisha, maana hata kunyonya hakutaka. Mtoto wetu mweusi huwezi kumwona ubluu shavuni. Nilimfunua midomo, ufizi na ulimi vilikuwa na rangi ya majivu. Kile kipimo cha kubana kidoleni kilisoma oksijeni asilimia 85. Tukamwekea oksijeni, kikabaki 85. Mapafu yalikuwa safi, moyo haukuwa na sauti ya ajabu. Nikachukua damu kidogo, nikadondosha tone kwenye shashi nyeupe na kuipepea. Damu ya kawaida ikipata hewa inang'aa nyekundu. Ile ilibaki kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea sana. Kipimo kikigoma hapo kwenye themanini na kitu huku oksijeni inaingia, na damu ikiwa kahawia, daktari wa watoto anajua anashughulika na nini.

Dawa yake ipo, inaitwa methilini bluu, huingizwa kwenye mshipa. Na hapa kuna tundu lingine: mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si haba huku kwetu kwenye malaria ya enzi na enzi, dawa hiyo haimsaidii na inaweza kuzivunja chembe zake za damu. Kwa hiyo daktari anabaki anapima hatari mbili, katika hospitali ambayo pengine haina hata hiyo dawa rafuni. Yule wa kwetu alipona baada ya kuhamishwa. Nakusimulia ili uone kwamba madhara haya yakitokea hayatibiki kwenye zahanati ya mtaani.

Sitaki uondoke hapa ukidhani kila mtoto aliyelamba mvuje amenusurika kifo. Watoto wengi wamepewa na hawakudhurika, akiwemo mumeo. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua amempa kiasi gani. Bonge la mvuje dukani halina kipimo. Mmoja anakata kiasi cha punje ya mtama, mwenzake kiasi cha harage, mmoja analoweka dakika tano, mwingine anaacha usiku kucha. Tena kuna mvuje wa aina mbili. Ule unga wa njano wa kwenye kopo, wa kupikia, mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano au wa mchele na gundi, mvuje wenyewe ni kidogo. Lile bonge la kahawia linalouzwa kwa wauza dawa za asili ni kali mara nyingi zaidi. Mtu aliyezoea unga akinunua bonge na kupima kwa jicho lilelile, amempa mtoto dozi ya ajabu bila kukusudia. Na sisi tunajua kisa cha kwenye maandishi na vile tulivyoviona wenyewe. Hatujui kiwango cha chini ambacho ni salama, na kwa ugonjwa unaoisha wenyewe sioni sababu ya mwanao kututafutia kiwango hicho.

Kumfunga mtoto mvuje mwilini ni habari nyingine. Najua wengi wenu mnaufunga kwenye kitambaa cheusi mkononi au shingoni mwake kwa ajili ya kijicho, na sigombani na hilo. Naomba tu kamba isiwe shingoni, inaweza kumnyonga akigeuka. Na akikaribia miezi mitatu, atakapoanza kupeleka mikono kinywani, uondoke mkononi pia, kwa kuwa ataunyonya. Bora ushonwe kwenye neti au pazia, mbali na mikono yake.

Shamari haina hatari ya namna hiyo, na nitakuwa mkweli: ndiyo dawa ya mitishamba ambayo angalau imejaribiwa. Mafuta ya mbegu zake hulegeza misuli ya utumbo, na kuna utafiti wa 2003 ambao watoto waliopewa mchanganyiko mwepesi wa mafuta hayo walipungukiwa na kilio kuliko wale waliopewa dawa bandia. Lakini ule ulikuwa mchanganyiko uliopimwa, wa asilimia 0.1, uliotengenezwa kwa ajili hiyo. Shamari ya sokoni iliyochemshwa jikoni hujui ina mafuta kiasi gani, na ndani yake kuna kemikali iitwayo estragoli ambayo kwa wanyama wa maabara imeonyesha kuleta saratani kwa kiasi kikubwa. Mamlaka ya dawa ya Ulaya haipendekezi dawa za shamari kwa watoto wa chini ya miaka minne. Yale mafuta ya shamari ya kwenye kichupa kidogo, usiyakaribishe kabisa kinywani mwa mtoto.

Watakwambia basi unywe wewe, ipite kwenye maziwa. Shamari kwenye chai, kikombe kimoja, sina neno nayo. Ila 1994 Italia waliripotiwa watoto wachanga waliolegea, wakashindwa kunyonya na kutapika, mama zao wakiwa wanakunywa zaidi ya lita mbili kwa siku za chai ya mitishamba iliyokuwa na shamari ndani yake. Walipoacha, watoto wakarudi sawa.

Na kuna kiungo kimoja cha kuangalia ukinunua "chai ya tumbo la mtoto" iliyofungwa tayari: kile chenye umbo la nyota, kinachotiwa pia kwenye pilau. Kile cha kula kinatoka China. Kina ndugu yake wa Japani wanaofanana kama mapacha, naye ana sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Vikishakaushwa na kuchanganywa kwenye gunia moja huwezi kuvitenganisha kwa macho. Septemba 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watu wapatao 40, 15 kati yao watoto wachanga, kuumwa kwa chai hiyo: kutapika, kutetemeka, macho kuchezacheza, wengine degedege.

Mjaraba unaotoka Maskati nao una historia yake. Wapo wanaoletewa unga uitwao bint al dhahab, kwa ajili ya tumbo la mtoto na kumtoa choo cha kwanza. Ule ni madini ya risasi, sumu ya ubongo. Ukiletewa unga wowote wa rangi ya machungwa au wa njano unaong'aa, usimpe.

Kuhusu maji yenyewe: vijiko vinne kwa siku ni mililita 20. Mtoto wa kilo 4.2 hunywa maziwa kama mililita 630 kwa siku, yaani 150 kwa kila kilo, kwa hiyo mililita 20 hazitamnyima chakula. Lakini dawa hizi hazibaki kwenye kijiko. Mtoto akizidi kulia, kijiko kinakuwa kikombe cha kahawa. Vikombe vitatu vya mililita 50 ni karibu robo ya tumbo lake lote la siku, limejaa maji yasiyo na lishe. Uzito unasimama, titi linanyonywa kidogo hivyo linatengeneza kidogo, na maji yakizidi sana chumvi ya damu inashuka mpaka mtoto anapata degedege. Asali ya kulainisha uchungu wa dawa nayo hapana mpaka atimize mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambao hukua kwenye utumbo wa mtoto na kumpooza misuli.

Graipu wota ya jirani ilianza Uingereza, mji wa Nottingham, 1851, kwa mchanganyiko wa pombe, mafuta ya mbegu za mmea wa jamii ya shamari, magadi ya kuokea na sukari. Ukiuliza kwa nini watoto walitulia, tazama tena hayo manne. Siku hizi nyingi hazina pombe, lakini soma chupa, usichukulie kwa jina. Iliyobaki ni sukari zaidi ya yote: kitu kitamu kinywani kinamnyamazisha mtoto kwa dakika chache, kisha anaendelea. Magadi hupunguza asidi ya tumbo, na asidi hiyo ni ulinzi wake dhidi ya vijidudu. Na 2007 Marekani chupa za aina mojawapo ziliondolewa sokoni baada ya kimelea cha kuharisha kukutwa ndani yake, mtoto wa wiki sita akiwa ameshaugua. Sisemi ya jirani yako ni mbovu. Nasema haimsaidii vya kutosha kustahili kumfungulia mlango wa tumbo lake.

Ukiwa na chupa mkononi, tafuta pia neno dicyclomine, au dicycloverine, ambalo ni jina lilelile. Ni dawa ya kulegeza utumbo iliyowahi kupewa watoto sana. Watoto wa chini ya miezi sita waliwahi kuacha kupumua baada ya kupewa, na kwa umri huo imekatazwa, lakini bado unaweza kuuziwa dukani kwa jina la biashara. Ukilikuta neno hilo, rudisha. Ukikuta simethicone, hiyo ni salama, haiingii kwenye damu. Ila ilipopimwa sambamba na dawa bandia haikuonyesha tofauti. Ukitaka kutumia sikuzuii, nakuhurumia pesa yako tu.

Sasa, nini kifanyike jioni ya leo. Kabla ya magharibi, yaani saa kumi na moja hivi, hakikisha amenyonya vizuri. Titi moja mpaka alegee na kuachia mwenyewe, ndipo umpe la pili akitaka. Kidevu kiguse titi, mdomo uwe wazi mpana. Ukisikia mlio wa kulamba ulimi kila anapovuta, anameza hewa, mtoe umweke upya. Mcheulishe katikati na mwishoni, ukimsimamisha begani dakika kumi. Asipocheua, basi, usimpige mgongo nusu saa.

Kisha punguza nyumba. Zima taa kali, zima televisheni, wageni waliokuja kumwona mtoto wakae sebuleni. Mtoto wa wiki tano aliyepokezwa mikononi mwa watu sita tangu adhuhuri huwa amechoka kuliko wewe. Mfunge kifuani kwa kanga, mgongo wake umepinda kidogo, magoti yamekunjwa, uso uko juu na unauona, pua haijazibwa na nguo. Tembea taratibu. Sauti moja isiyobadilika husaidia wengi, feni au "shhh" ya mdomo wako karibu na sikio, ila isiwe kubwa. Wapo wanaotulia kwa kuoga maji ya uvuguvugu na kusuguliwa tumbo kwa mzunguko wa saa, vidole vikiwa na mafuta kidogo ya nazi, kisha miguu ichezeshwe kama anaendesha baiskeli. Jaribu moja kwa dakika kumi kabla ya kuhamia nyingine. Nikwambie ukweli, hakuna hata moja kati ya hizi inayokatisha kilio kama swichi. Siku nyingine zote zitashindwa, na hiyo haina maana kwamba umekosea.

Kuna matone ya bakteria wema ambayo kwa watoto wanaonyonya titi, kama wako, tafiti kadhaa zimeonyesha yanapunguza kilio. Kwa wanaokunywa maziwa ya kopo hayajaonyesha hivyo. Aina iliyopimwa ni moja, na kwenye boksi lazima isomeke hivi: Lactobacillus reuteri DSM 17938, au Limosilactobacillus reuteri, ni kitu kilekile kilichobadilishwa jina. Kipimo kilichotumika ni matone matano mara moja kwa siku, kwa wiki tatu. Yanapatikana kwenye famasi kubwa za mijini na bei si ndogo. Kwa mtoto aliyezaliwa njiti au mgonjwa, usianze bila daktari wake.

Kama kuna upele mwingi, choo chenye kamasi au damu, au kuna pumu na mzio kwenye ukoo, huenda tukakuomba uache maziwa ya ng'ombe na vyote vitokanavyo kwa wiki mbili tuone. Kwa maelezo yako sioni haja, kwa hiyo endelea na chai yako ya maziwa.

Umesema kuna usiku unalia naye, na hilo nimelisoma mara mbili. Ukifika mahali mikono inatetemeka kwa hasira, mweke mtoto kitandani chali, peke yake, bila mto, funga mlango, toka nje dakika kumi. Analia, lakini yuko salama. Mtoto anayetikiswa shingo yake haishiki, ubongo unagonga fuvu na kuvuja damu, na wanaofanya hivyo wengi ni watu wazuri waliochoka saa tatu usiku. Kama huzuni haiondoki hata mchana, huna hamu ya kula, au unajiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru yeye, nenda kliniki ukaseme wazi. Huo ni ugonjwa wa baada ya kujifungua na unatibika.

Hapa mama mkwe anaingia. Usimwambie kwamba dokta kasema mvuje ni ujinga, sijasema hivyo, na utavunja nyumba bure. Mwambie damu ya mtoto mdogo haijakomaa kuumudu mvuje, kama vile tumbo lake halijakomaa kuumudu ugali. Kisha mpe kazi ambayo nyie wengine hamuiwezi kama yeye: kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku mtoto awe kwenye kanga yake, atembee naye barazani, na wewe ulale. Bibi anayebeba mtoto kwa saa mbili ana dawa tayari mkononi, na hana haja ya kuloweka nyingine.

Kilio cha jioni kisikufanye upuuze hatari ya kweli. Mpeleke hospitali usiku huohuo akipata homa ya nyuzi 37.5 kwapani au zaidi, akitapika kijani kama nyongo, akitoa damu kwenye choo, tumbo likivimba na kubaki gumu hata akiwa amelala, utosi ukijaa, akikataa titi mara mbili mfululizo, au nepi ikikaa kavu kwa saa nane. Kilio kipya kabisa, kikali, kisichofanana na cha kila jioni, mvue nguo zote umkague: kinena kama kuna ngiri iliyovimba na kukaza, korodani, na vidole vya mikono na miguu kimoja kimoja, maana unywele au uzi wa soksi hujiviringisha kwenye kidole na kukikata damu. Zaidi ya yote ogopa ukimya. Mtoto aliyekuwa analia kwa nguvu akawa ghafla amelegea, haamki kunyonya, huyo hajapona mchango.

Na kile kijiko cha juzi: siku mbili zimepita, ananyonya, analia kwa sauti yake ileile, kwa hiyo kimepita. Ikitokea amepewa tena, saa sita za mwanzo mfunue midomo kwenye mwanga wa jua uangalie ufizi na ulimi, pamoja na viganja. Vikiwa vya waridi, endelea kumnyonyesha na kumwangalia. Vikiwa vya kijivu au bluu, au akipumua kwa haraka, usimtapishe na usimpe maziwa ya ng'ombe ya kukata sumu. Ondoka naye hapohapo kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na ubebe kikombe kilicholowekewa pamoja na bonge la mvuje lililobaki, likiwa kwenye karatasi yake.